Kumtaja Mungu hakufuti majigambo

Kuna imani imeota mizizi kwenye simu zetu: ukianza tangazo la uchumba kwa jina la Mungu, chochote utakachoandika baada ya hapo ni ushuhuda. Pete ipigwe picha kwa karibu mpaka jiwe lijae kioo, hoteli itajwe kwa jina, maadui wapigwe vijembe, na bado mwandishi atalala usingizi mnono akiamini amejinyenyekeza, kwa sababu mstari wa kwanza ulisema Mungu ni mwema. Ole wako uhoji. Utaambiwa una wivu.

Imani hiyo si kweli, na anayeumia zaidi siyo sisi wasomaji. Sisi tunapitisha kidole na kwenda zetu. Anayeumia ni yule mchumba, ambaye jina la Mungu limetumika kumfunika asionekane.

Tazama tangazo hili. Nimelitunga mwenyewe kwa kuokoteza vipande vinavyozunguka kila mwisho wa wiki, kwa hiyo asitafutwe mwenye nalo:

"Mungu hachelewi, alikuwa anaandaa. Mliosema sitaolewa, mko wapi leo? Nimepewa mume wa ndoto zangu, mwanamume anayejua thamani yangu. Nimesema NDIYO! Karibuni send-off."

Sasa litoe jina la Mungu, usome kilichobaki. Kinabaki kijembe kwa watu wasiotajwa, ndoto za mwandishi, thamani ya mwandishi na jibu la mwandishi. Mungu mwenyewe ameitwa kama shahidi wa ugomvi ambao huenda wanaoshutumiwa hawakuwahi kujua kwamba upo. Hicho ndicho kipimo changu, na hakihitaji elimu yoyote: shukrani ya kweli, ukiiondolea jina la Mungu, hubaki na watu wengine ndani yake, kwa sababu mwenye kushukuru huwa anajua ni nani aliyetumwa kumsaidia. Majigambo hubaki na mtu mmoja na hadhira ya walioshindwa.

Na bwana harusi mtarajiwa yuko wapi? Hana jina. Hana kazi, hana tabia, hana hata sentensi moja aliyowahi kusema. Sifa pekee aliyopewa ni kwamba anajua thamani ya mwenzake, yaani amesifiwa kwa kuwa na macho ya kumwona mwandishi. Kwenye picha ameingia kama kiganja kinachovisha pete. Mama yake mzazi akilisoma tangazo hilo hatajua kama ni mwanawe anayezungumziwa.

Wanaume wasicheke. Tangazo la kwao ni fupi na mara nyingi ni baya zaidi. "Kifaa kimepatikana." "Nimeshamtoa sokoni, mtafute wengine." Halafu chini, kwa usalama, "Asante Mungu". Binti wa watu, aliyesomeshwa na wazazi wake na anayeheshimiwa kazini kwake, anageuzwa bidhaa mbele ya marafiki wa mchumba wake, na anatarajiwa aweke alama ya moyo.

Wapo watakaonijibu kwa dini, na hoja yao nzito naijua. Waislamu watanikumbusha kwamba Surat Adh-Dhuha inahimiza kuzitaja neema za Mola. Wakristo wa makanisa yetu watasema ushuhuda ni ibada, na anayeficha alichotendewa anamnyima Mungu sifa. Sibishani na lolote kati ya hayo. Nasema tu kwamba taasisi hizohizo za dini zimekuwa zikitangaza ndoa kwa muda mrefu, na namna zinavyofanya inapingana kabisa na tunavyofanya sisi.

Sikiliza matangazo ya ndoa kanisani, yale yanayosomwa kwa kawaida Jumapili tatu kabla ya harusi. Katekista au mzee wa kanisa anasimama na karatasi. Anasoma jina la mwanamume, jina la baba yake na mahali anapotoka. Anasoma jina la mwanamke, na yeye vilevile, mtoto wa nani na wa wapi. Kisha anaomba mwenye kujua kizuizi aseme. Anakaa. Hapo ni kanisani, nyumbani mwa Mungu kabisa, na bado hakuna anayesema Mungu amemnyamazisha nani. Wawili wametajwa kwa uzito uleule.

Serikali nayo haikuwa mbali na mtindo huo. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inawataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa kwa msajili angalau siku 21 kabla. Taarifa hiyo inataka majina yao, umri wao, makazi yao, na habari za wazazi wao. Haina nafasi ya kuandika bei ya pete. Wala haina nafasi ya mmoja kujaza peke yake habari zake na kumwacha mwenzake kama mapambo.

Hata barua ya posa, ambayo ndiyo tangazo letu la uchumba la asili kabla ya simu, imejengwa kwa unyenyekevu. Haipelekwi na mwenye haja, anapeleka mshenga. Ndani ya bahasha kuna kishika uchumba, na maneno yake ni ya mtu anayeomba kukaribishwa. Hakuna upande wa mume uliowahi kuandika kwenye barua ile kwamba kijana wao ni zawadi kwa familia ya binti. Wangerudishiwa bahasha mlangoni. Huku pwani familia nyingi huiweka posa kimya na kuisubiri nikahi ndiyo itangazwe kwa kishindo, na wanaotangaza posa mapema wana sababu inayoeleweka: Mwislamu hatakiwi kuposa juu ya posa ya ndugu yake, kwa hiyo watu wajue binti ameshaposwa. Ni taarifa yenye kazi.

Ninachotaka kusema ni kwamba tangazo la uchumba ni taarifa kuhusu watu wawili, na linapaswa kujibu maswali ya taarifa: ni nani na nani, wazee wanajua, nini kinafuata. Furaha inaruhusiwa, na Mungu anakaribishwa. Majigambo nayo yana mahali pake, siyakatai. Siku ya send-off muziki utapigwa, mipasho ya Khadija Kopa itawekwa, na mwenye kutaka kuwanyooshea kidole wabaya wake atakuwa na ukumbi mzima na ruhusa ya DJ.

Turudi kwenye lile tangazo tulitengeneze. Tuseme mchumba anaitwa Daudi, na kitu ambacho bibi harusi mtarajiwa anakikumbuka kwake ni jinsi alivyokuwa akimsubiri usiku wakati binti huyo anasomea mitihani ya uhasibu. Jambo la kwanza ni mstari wa mbele. Instagram inakubali maelezo ya hadi herufi 2,200, lakini kwenye ukurasa mkuu zinaonekana takribani 125 tu kabla msomaji hajabonyeza aendelee, na wengi hawabonyezi. Kwa hiyo ukianza na maadui, ni maadui wako tu watakaoonekana. Anza na majina mawili:

"Mimi na Daudi tumechumbiana. Wazazi wa pande zote mbili wametubariki, nasi tunamshukuru Mungu na tunawashukuru wao. Nilipokuwa nasomea mitihani, Daudi alikuwa akinisubiri nje ya maktaba mpaka saa tatu usiku, na hakuwahi kunidai shukrani. Tarehe tutawaambia."

Mungu bado yumo, ila sasa ameshukuriwa pamoja na watu, siyo dhidi ya watu. Daudi ana jina na amefanya jambo. Na tazama sifa aliyopewa: ni tendo moja, dogo, lililotokea, ambalo yeye mwenyewe akilisoma atalitambua. Sifa za jumla, kama mwanamume wa kipekee duniani, huwa hazimhusu yeyote na huonekana kama tangazo la duka. Sifa za umbo nazo ziachwe. Baba mkwe anasoma.

Sentensi ya wazazi iandikwe tu ikiwa ni kweli. Hapa ndipo mambo huharibika kuliko kwenye maneno yote ya kujisifu. Kijana anavisha pete Jumamosi jioni ufukweni, picha zinaingia status usiku huohuo, na shangazi wa binti anaziona kabla baba wa binti hajapokea barua wala simu. Status ya WhatsApp itafutika baada ya saa 24. Baba hatasahau kwa kasi hiyo. Mshenga atakapofika na bahasha yake atakuta mazungumzo yameanza kwa faini. Kama wazee hawajaambiwa, tangazo halijawa tayari, hata likiandikwa vizuri namna gani.

Kisha mwonyeshe Daudi kabla hujabonyeza. Siyo picha peke yake, maneno pia. Huenda hataki watu wajue kwamba alikuwa akisimama nje ya maktaba kama mwenye bodaboda anayesubiri abiria. Basi sentensi hiyo inatoka, hata kama ndiyo uliyoipenda zaidi. Huenda ana mtoto ambaye bado hajaelezwa. Huenda mwajiri wake hapendi picha zake za binafsi zizagae, au hataki akaunti yake iunganishwe ili watu elfu wasiomjua wasiingie kuchungulia picha zake za shule. Usiandike pia kwamba alikuokota kwenye machozi, au kwamba wewe ulimtoa kwa mwingine aliyemtesa, kwa maana hapo umeanika maisha ya mtu wa tatu ambaye hakuchumbiwa na yeyote.

Instagram ina kitu kinachofaa kwa kazi hii na ninashangaa wachumba wachache hukitumia: unapotayarisha chapisho, kwenye sehemu ya kutambulisha watu, kuna "Invite collaborators". Mwenzako anapata mwaliko, na akiukubali chapisho linakaa kwenye kurasa zote mbili likiwa na majina yote mawili juu. Asipokubali, halionekani kwake. Ni idhini iliyo wazi kuliko ile ya kumwambia mtu "nimeshakupost, angalia".

Na kwa wale mabwana wa "kifaa kimepatikana", marekebisho yao hayamalizi dakika. Andika jina lake jinsi anavyopenda kuitwa. Andika kwamba mmekubaliana, kwa sababu alikuwa na hiari ya kukataa na hakukataa. Ukitaka kutaja kwamba kwao wamekupokea, taja. Mahari usiitaje kabisa, iwe kubwa au ndogo. Ikiwa kubwa umejisifu, ikiwa ndogo umemdhalilisha, na kwa vyovyote hizo ni hesabu za wazee. Uchumba ukivunjika, sheria ileile ya 1971 inaruhusu kudai zawadi zilizotolewa kwa matarajio ya ndoa. Mliosema sitaolewa, mko wapi leo, hilo halina kifungu cha kulirudisha, na watu huwa wameshapiga picha ya skrini.