Kamba Wamekosewa Upatanisho

Wanachama wenzangu, juzi nilisoma menyu ya mkahawa mmoja wa Kiitaliano huku Likoni: "insalata Misto", "GAMBERI grigliato", "spagetti". Ati makosa madogo! Kiitaliano nacho kina upatanisho, kama ngeli zetu. Insalata, yaani saladi, ni neno la kike la umoja. Basi ni mista. Gamberi ni kamba, neno la kiume la wingi. Basi ni grigliati, waliochomwa. Herufi kubwa yatosha mwanzoni. Na spaghetti bila h husomeka "spajetti"! Mtu akiandika "samaki kizuri" twamcheka. Hapa mbona twanyamaza? Menyu ikichapishwa tena, asomeshwe Mwitaliano kwanza. Hapo Malindi wamejaa tele.