Daftari Moja Si Mashahidi Wawili

Tuseme daftari la zahanati mjini Babati linaonesha kwamba homa nyingi za wakazi wa Maisaka ni malaria, na taarifa ya mwezi ya MTUHA inasema vivyo hivyo. Je, tumepata mashahidi wawili? La. Taarifa hutokana na daftari lilelile. Kosa la kwanza limerudiwa tu.

Shahidi wa kweli ni yule awezaye kumpinga mwenzake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulihusu wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa malaria kali katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Watafiti walipochunguza slaidi za damu, ni asilimia 46 tu waliokuwa na vimelea. Daftari pekee lisingefichua hilo.

Hata hivyo, slaidi huonesha kosa bila kueleza chanzo chake. Ndiyo maana baadaye watafiti wengine waliwatazama waganga kazini na kuwahoji. Wakabaini kuwa mazoea ya mafunzo na shinikizo la wenzao vilichangia.

Msomaji wa slaidi naye hukosea. Basi wasome wawili, kila mmoja asione jibu la mwenzake. Wakitofautiana, asome wa tatu.

Majibu yanapopingana, tofauti hiyo isifichwe. Mgonjwa aliyeandikiwa malaria ilhali slaidi haina vimelea huenda ana brusela ya maziwa mabichi, nayo haiponi kwa dawa ya malaria.