Mkipatana kwa video, hakikisheni mmetia saini karatasi moja

Tuseme wewe na rafiki yako mlifungua kinyozi pale Kimbo, Ruiru. Wewe ulitoa Sh70,000, yeye akatoa Sh50,000. Mambo yakaharibika, yeye akahamisha mashine, viti na vioo hadi Makongeni, Thika, na sasa simu zako hapokei. Ukaenda katika Mahakama ya Madai Madogo, ile inayosikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni. Sheria inairuhusu mahakama hiyo, nyote wawili mkikubali, kuwapeleka kwa upatanishi. Mnakubali. Kisha mnaambiwa kikao kitakuwa kwa video.

Hili si jambo geni tena. Upatanishi unaosimamiwa na mahakama ulianza kwa majaribio Milimani, Nairobi, Aprili 2016. Janga la korona lilipofunga milango ya korti 2020, vikao vingi vilihamia kwenye skrini, na vingine havikurudi. Kwa kijana anayepoteza mapato ya siku nzima kila anapoenda kortini, ni nafuu kubwa. Lakini makubaliano ya video huvunjika kwa sababu ambazo hungezipata mkiwa mmeketi meza moja.

Ya kwanza ni faragha. Maneno yanayosemwa kwenye upatanishi ni siri, na hayafai kurudishwa kortini kama ushahidi mkishindwa kuelewana. Ndiyo maana unaweza kusema, "Sawa, hata Sh55,000 nitachukua," bila kuogopa kwamba kesho hakimu ataambiwa hiyo ndiyo bei yako. Sasa fikiria umesema hayo ukiwa bedsita ambayo ukuta wake ni mwembamba, au kwenye saiba, au ndani ya matatu. Fikiria pia kwamba mwenzako ana shemeji yake pembeni ya kamera akimwandikia majibu kwenye karatasi, huku simu ya pili ikirekodi. Mpatanishi haoni nyuma ya skrini.

Anachoweza kufanya ni kumtaka kila mmoja azungushe kamera aonyeshe chumba kizima, aseme kwa sauti aliyeko humo ni nani, na akubali kwamba hakuna kurekodi. Zoezi hilo lirudiwe kila baada ya mapumziko, kwa sababu watu huingia wakati huo. Wewe vaa visikizio. Na mpatanishi anapozungumza nawe peke yako, huku mwenzako akiwa amewekwa kwenye chumba cha kusubiri, tazama orodha ya waliomo kabla ya kufungua mdomo. Ukiona majina matatu badala ya mawili, nyamaza kwanza.

Ya pili ni sauti na lugha. Mtandao ukichelewa hata sekunde moja, mnaanza kukatizana, na kila mmoja anadhani mwenzake ana madharau. Ukiinama kusoma risiti zako kwenye meza, yeye anaona mtu anayechezea simu. Ukinyamaza ukifikiria, anaona umekasirika. Dawa yake ni kusema unachofanya: "Ngoja bro, naangalia risiti." Kuna na jambo la huku kwetu Kiambu. Mpatanishi na mmoja wenu wakianza kuongea Gikuyu, hata kama ni salamu tu, yule wa tatu asiyeielewa atahisi ameshahukumiwa. Lugha ya kikao ikubaliwe dakika ya kwanza, na wote waishike.

Ya tatu ni stima na bando. Saa moja ya video ya watu kadhaa inaweza kula takriban GB 1, na kikao cha saa mbili si kirefu. Bando ikiisha katikati, swali si lini utarudi tu. Swali ni mpatanishi na mwenzako walizungumza nini ukiwa nje. Kwa hivyo kubalianeni mapema: mmoja akipotea, wote wananyamaza, mpatanishi anampigia simu ya kawaida, na asiporejea kwa dakika 10 kikao kinaahirishwa. Mkihamia sauti peke yake, kila mtu aseme upya aliko na yuko na nani.

Sasa tuje kwenye saini, maana hapa ndipo pesa hupotea. Turudi kwa kinyozi. Mmeongea, mmesikizana. Yeye atabaki na vifaa, wewe utalipwa Sh60,000. Rasimu ya kwanza inasema awamu tano za Sh12,000. Unalalamika kwamba ni muda mrefu, mpatanishi anaibadilisha iwe awamu nne za Sh15,000, na anawatumia nyote faili upya kwa barua pepe. Wewe uko kwa saiba, unafungua ile ya kwanza, unaichapisha, unatia saini, unaiskani na kuituma. Yeye anatia saini ile ya pili. Jumla ni ileile Sh60,000, hivyo hakuna anayeshtuka. Mwezi wa kwanza anakutumia Sh12,000 kwa M-Pesa na kusema, "Si ndivyo ulivyosaini?" Na kweli ndivyo ulivyosaini. Hapo hamna mkataba mmoja, mna karatasi mbili zinazobishana.

Ili hilo lisikupate, rasimu isomwe kwa sauti, mstari kwa mstari, maana kwenye skrini ya simu herufi ni ndogo na mtu hukubali asichosoma. Faili ya mwisho ipewe jina lenye tarehe na saa, na zile za awali zifutwe mbele ya wote. Kila ukurasa utiwe herufi za jina. Tieni saini kikao kikiwa bado wazi, kamera ikionyesha mkono. Mkiahidiana "kesho asubuhi", usiku huo kuna mtu atampigia simu mmoja wenu kumwambia ameonewa. Na ukimaliza pale saiba, futa faili kwenye kompyuta yao. Siri yenu isibaki kwa mteja anayefuata.

Yaliyomo nayo yatoshe: kiasi, tarehe ya kila awamu, nambari ya kulipia, na nini kitatokea akikosa moja. Katika mfano wetu, andikeni kwamba akichelewa siku saba, deni lote lililobaki linadaiwa mara moja. Andikeni pia amana ya kodi ya duka ni ya nani. Vitu kama hivyo ndivyo husahaulika mkikimbizana na bando.

Saini ya kielektroniki inatambulika kisheria Kenya. Shida yake ni kuthibitisha nani aliyeiweka. Picha ya saini iliyobandikwa kwenye faili ni rahisi kukanwa, na "Nimekubali" ya WhatsApp ni dhaifu zaidi. Kama mzozo ni wa kuuziana ploti, usijaribu njia ya mkato: sheria ya mikataba inataka maandishi, saini za wahusika, na shahidi aliyekuwepo saini ikitiwa. Hapo panda gari mkutane.

Mwisho, hakikisha makubaliano yamewasilishwa kortini. Chini ya Sheria ya Taratibu za Madai, makubaliano ya upatanishi yakisajiliwa hutekelezwa kama hukumu, na hayakatiwi rufaa. Hiyo ndiyo nguvu yake, na ndiyo sababu ya kusoma faili ya mwisho mara mbili kabla ya kushika kalamu.