Gesi ya friji, cheti cha fundi na mzigo wa samaki unaovuka Rusumo

Wafanyabiashara wanaotoa sato na sangara Mwanza na kuwapeleka Kigali kupitia mpaka wa Rusumo wanajua kwamba samaki hana subira. Barafu ikiyeyuka au chumba cha baridi kikipoteza nguvu usiku mmoja, faida ya wiki nzima imekwenda. Ndiyo maana katika miaka ya karibuni wenye vyumba vya baridi, machinjio, viwanda vya maziwa na magari ya majokofu wameanza kumuuliza fundi swali ambalo zamani halikuwapo: cheti chako kiko wapi?

Mafundi wengi wa mtaani huliona swali hilo kama dharau. Wapo waliofanya kazi miaka 15 na mikono yao inajua friji kuliko kitabu. Lakini anayeuliza mara nyingi hana shaka na mikono hiyo. Anachotaka kujua ni kama fundi anajua kuishika gesi, na hapo ndipo hasara kubwa inapoanzia.

Chukua mfano wa chumba cha baridi kinachotumia kilo 4 za gesi ya R-404A, ambayo imezoeleka sana katika majokofu ya biashara. Nati moja ya bomba imelegea kwa mtikisiko wa kompresa na gesi inavuja polepole. Mwenye mali hawezi kuona gesi, ila anaona dalili. Joto la chumba linapanda kutoka nyuzi 0 hadi 6, kompresa haipumziki, na ndani ya chumba barafu inashika mwanzo wa koili tu huku sehemu nyingine ikibaki kavu. Kwenye kioo kidogo cha bomba la gesi yanaonekana mapovu.

Fundi wa kwanza anafika, anafunga geji, anaongeza kilo 1 ya gesi, chumba kinapoa, analipwa na kuondoka. Baada ya wiki mbili dalili zinarudi, naye anaongeza kilo nyingine. Mara ya tatu kompresa inaungua. Sababu ni kwamba kompresa nyingi za aina hii hupozwa na gesi inayorudi kutoka chumbani. Gesi ikipungua, mota hufanya kazi muda mrefu bila cha kuipoza. Mwenye mali amelipia gesi kilo 3, sasa ananunua kompresa, na samaki wameharibika.

Fundi wa pili haongezi kitu kwanza. Anatafuta alama ya mafuta kwenye viungo vya bomba, kwa sababu gesi inapotoka huondoka na mafuta kidogo. Anathibitisha kwa povu la sabuni au kifaa cha kunusa gesi. Kisha anavuta gesi iliyobaki na kuiingiza kwenye mtungi wa kuhifadhia uliokaa juu ya mizani, na haujazi kupita asilimia 80, kwa kuwa gesi ya maji hutanuka kwa joto na mtungi uliojaa kabisa unaweza kupasuka.

Baada ya kurekebisha nati anajaza naitrojeni kavu na kuangalia kama mshale wa geji unakaa palepale. Hatumii oksijeni kamwe, hata kama mtungi wake uko karibu, kwa sababu oksijeni ikikutana na mafuta ya kompresa chini ya mgandamizo hulipuka. Kosa hilo limeshaua mafundi, na ni mojawapo ya mambo ya kwanza kuulizwa katika mtihani wa cheti.

Kisha inakuja hatua ambayo fundi mwenye haraka huiruka, yaani vakyumu. Pampu huvuta hewa na unyevu wote hadi kipimo kishuke chini ya maikroni 500. Halafu fundi anafunga vali, anazima pampu na kusubiri. Kipimo kikipanda kidogo kisha kikatulia, bado kuna unyevu ndani. Kikiendelea kupanda bila kusimama, kuna tundu jingine. Unyevu ulioachwa ndani huchanganyika na mafuta na gesi kwenye joto la kompresa na kuzaa asidi inayokula nyaya za mota. Kompresa ya namna hiyo hufa miezi kadhaa baadaye, wakati fundi ameshasahaulika.

Mwisho, akiwa ameshabadilisha kichujio cha unyevu, ambacho mafundi hukiita draya, kabla ya vakyumu, anajaza gesi kwa mizani hadi kilo 4 kamili, na kubandika karatasi yenye jina la gesi, uzito na tarehe. Kazi hii huchukua nusu siku au zaidi na bei yake ni kubwa kuliko ya kuongeza gesi. Cheti kinamwambia mwajiri kwamba fundi huyu alifundishwa hatua hizo na kupimwa akizifanya.

Upande wa sheria unaanzia Itifaki ya Montreal ya 1987, iliyoanza kuondoa gesi zinazotoboa tabaka la ozoni. Gesi zilizochukua nafasi yake, zikiwemo R-134a na R-404A, haziharibu ozoni, lakini zinapasha joto dunia vibaya. Kilo 1 ya R-404A ikiachiwa hewani ina athari ya karibu tani 4 za hewa ya ukaa. Zile kilo 3 zilizopotea kwenye mfano wetu ni sawa na kuchoma lita 5,000 hivi za petroli. Kwa sababu hiyo mataifa yalikutana Rwanda Oktoba 2016 na kupitisha Marekebisho ya Kigali, yaliyoanza kutumika 1 Januari 2019.

Kwa ukanda huu ratiba yake inagusa mfuko moja kwa moja. Kundi la nchi zinazoendelea ambamo nchi za Afrika Mashariki zimo lilitakiwa kusimamisha ongezeko la gesi hizi kuanzia 2024. Mwaka 2029 matumizi yapungue kwa asilimia 10, mwaka 2035 kwa asilimia 30, na ifikapo 2045 kwa asilimia 80. Gesi ya zamani zaidi, R-22, iliyomo kwenye viyoyozi vingi vilivyotumika, inatakiwa kuondoka karibu yote ifikapo 2030. Kinachopungua sokoni hupanda bei. Mwajiri anayeendelea na fundi wa kuongeza gesi kila mwezi anajifunga kununua bidhaa ambayo itazidi kuadimika.

Uadimu huo umezaa hatari nyingine, gesi bandia. Mwaka 2011 makontena ya majokofu ya meli yalilipuka na kuua watu Vietnamu na Brazili. Uchunguzi ulielekeza kwenye gesi iliyouzwa kama R-134a huku ikiwa imechanganywa na R-40. Gesi hiyo ikikutana na aluminiamu ndani ya kompresa hutengeneza kemikali inayowaka yenyewe ikigusa hewa. Mtungi wa namna hiyo unaweza kuwa na rangi na maandishi sahihi. Fundi aliyefunzwa hupima joto la mtungi uliotulia na mgandamizo wake, kisha hulinganisha na jedwali la gesi husika. Namba zikipishana sana, haifungui. Kwa mfanyabiashara, mtungi wa bei ya chini isiyoeleweka unaweza kuwa ghali kuliko lori.

Hapa ndipo mpaka unapoingia. Chini ya itifaki hiyo, kila nchi mwanachama hutakiwa kuwa na mfumo wa vibali kwa gesi hizi zinapoingia na kutoka. Mtungi wa gesi ya friji haufanani na gunia la mahindi au katoni ya sabuni. Fundi anayevuka Rusumo, Mutukula au Busia na mtungi nyuma ya pikapu kwenda kumsaidia mteja wake anaweza kuzuiwa hata kama kazi yenyewe ni halali. Njia salama ni fundi kuvuka na vifaa vyake, na gesi inunuliwe kwa muuzaji mwenye kibali katika nchi ambako chumba cha baridi kipo.

Cheti nacho hakivuki kwa urahisi kama mzigo. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazitaka nchi kutambua sifa za kitaaluma za wenzao. Lakini makubaliano yaliyosainiwa ni ya fani kama wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo. Fundi friji hayumo. Mwenye cheti cha VETA cha Tanzania akienda kuomba kazi Kenya, anakutana na mwajiri aliyezoea madaraja ya majaribio ya ufundi ya NITA, na si rahisi kumwonyesha kipi kinalingana na kipi. Matokeo yake mwajiri humpa kazi ya msaidizi, au humwambia afanye mtihani upya.

Kwingine tatizo hilo lilitatuliwa kwa kutenganisha vyeti viwili. Marekani, tangu Novemba 1994, fundi yeyote anayefungua mfumo wa gesi lazima awe amefaulu mtihani mfupi wa kushika gesi tu, wenye aina nne kulingana na mashine. Umoja wa Ulaya una cheti chake cha gesi, na kinachotolewa katika nchi moja mwanachama hutambuliwa katika nyingine. Cheti cha ufundi mzima kinabaki kuwa suala la kila nchi. Afrika Mashariki ikichagua njia hiyo haitahitaji kusubiri mitaala yote ifanane, kwa kuwa naitrojeni, vakyumu na mizani ni vilevile Kisumu, Bujumbura na Kampala.

Hadi hapo, mfanyabiashara anayekodi chumba cha baridi upande wa pili wa mpaka anaweza kumpima fundi kwa vitu vitatu anavyoshuka navyo kwenye gari: mtungi wa naitrojeni, pampu ya vakyumu na mizani. Aliyekuja na geji na mtungi wa gesi peke yake amekuja kuongeza gesi, hata kama ana cheti mfukoni. Na kabla mzigo haujaingia, aangalie ile karatasi kwenye kompresa. Ikiwa inaonyesha gesi imejazwa mara tatu ndani ya miezi mitatu na hakuna mahali palipoandikwa tundu lilikuwa wapi, chumba hicho bado kinavuja, na samaki wa Mwanza watafute pengine pa kulala.