Kodi ya kichwa ndani ya kasha la akiba

Wazee wetu waliijua kodi ya kichwa. Wakati wa Wabelgiji, mtu mzima alidaiwa fedha kwa sababu alikuwa hai na alikuwa na nguvu. Alichovuna mwaka ule kilikuwa habari nyingine. Kodi ile ilikwisha, lakini tabia yake haikufa. Tunaiona mwisho wa kila mwaka katika vikundi vyetu vya akiba na mikopo vya vijijini, vile tunavyoviita AVEC, siku ya kuvunja kasha. Fedha zimehesabiwa, kila mtu anangoja fungu lake, na mwandishi anasimama kusema: kila mwanachama aache faranga elfu kumi, kuna ushuru na kuna gharama. Watu wanaitikia, kwa maana kiasi ni kimoja kwa wote, na kilicho kimoja kwa wote huonekana kuwa haki.

Sisi tunasema si haki, na tunataka kuonyesha kwa hesabu, kwa sababu ninyi vijana ndio mnaoitwa kushika kalamu katika makomite hayo.

Njia yenyewe ya kuweka akiba ni nzuri. Ilianza Nijeri mwaka 1991, katika eneo la Maradi, pamoja na wanawake waliosaidiwa na shirika la CARE, na kutoka huko imeenea Afrika nzima. Watu kati ya 15 na 25 wanakutana kila juma. Kila mmoja hununua hisa, angalau moja, zisipite tano, na kila hisa hupigwa muhuri katika daftari lake. Fedha huwekwa katika kasha lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu wasio wa komite. Mwanachama mwenye shida au mwenye biashara hukopa na kurudisha pamoja na faida. Baada ya mwaka kasha huvunjwa.

Basi, faida hiyo inatoka wapi? Haitoki benki wala kwa mfadhili. Inatoka mifukoni mwa wanachama waliokopa, na imezaliwa na fedha za wanachama waliokubali kuziacha ndani ya kasha. Ndiyo maana kanuni ya kugawanya ni fupi: hesabu fedha zote zilizomo, hesabu hisa zote, gawanya za kwanza kwa za pili; jibu ndilo thamani ya hisa moja siku ile.

Tuchukue kikundi cha watu 20. Hisa moja ni faranga 2,000, na mwaka una mikutano 48. Wote pamoja wamenunua hisa 2,400, yaani wameweka faranga 4,800,000. Mikopo ilitolewa kwa faida ya 5% kwa mwezi, nayo imeingiza faranga 960,000. Kasha lina faranga 5,760,000. Gawanya kwa 2,400: kila hisa iliyonunuliwa kwa 2,000 sasa ni 2,400.

Katika kikundi hicho yumo mama anayeuza mihogo, aliyenunua hisa moja kila juma bila kukosa. Ana hisa 48. Aliweka faranga 96,000, anapewa 115,200. Faida yake ni 19,200. Yumo pia mwenye duka aliyenunua tano kila juma. Ana hisa 240; aliweka 480,000, anapewa 576,000, na faida yake ni 96,000. Kila mmoja ameongezewa sehemu moja ya tano ya alichoweka.

Hapo kijana mwenye moyo mwema huinua mkono. Je, si afadhali kugawanya ile 960,000 sawasawa, kila mmoja apate 48,000? Tunaheshimu moyo huo, lakini njia hiyo tunaikataa. Mwenye duka akiona kwamba hisa zake nne za ziada hazimwongezei karibu chochote, mwaka unaofuata atanunua moja kama wengine. Wote wakinunua moja moja, kasha litakuwa na hisa 960, yaani faranga 1,920,000 badala ya 4,800,000. Atakayekosa mkopo wa mbegu mwezi wa tisa si mwenye duka. Huruma ina mahali pake katika njia hii, nao ni mfuko wa mshikamano, ambao kila mtu huuchangia kiasi kilekile na ambao husaidia wagonjwa na wafiwa. Fedha zake hukaa katika mfuko wa pekee, wala hazichanganywi na hisa.

Turudi sasa kwa mwandishi wetu na faranga zake elfu kumi. Watu 20 wakitoa elfu kumi kila mmoja, zinapatikana 200,000. Mama wa mihogo alikuwa na faida ya 19,200, inabaki 9,200. Amepoteza zaidi ya nusu ya alichokipata kwa mwaka mzima wa kutokosa mkutano. Mwenye duka alikuwa na 96,000, inabaki 86,000. Yeye amepoteza karibu sehemu moja ya kumi. Ndugu zetu, ni usawa gani huu? Wakati wa kugawanya faida tulihesabu hisa, na wakati wa kugawanya mzigo tukahesabu vichwa. Aliyebuni mpango huu hakuwa mama wa mihogo.

Dawa ni rahisi mno: gharama itolewe ndani ya kasha kabla ya kugawanya. Toa 200,000 katika 5,760,000, zinabaki 5,560,000. Gawanya kwa hisa 2,400. Kila hisa ni 2,316 na sehemu kidogo. Mama anapata 111,200, mwenye duka 556,000. Mama amechangia mzigo faranga 4,000, mwenye duka 20,000, kwa kipimo kilekile walichopatia faida. Hesabu haikuongezeka hata mstari mmoja. Na anayedai kwamba vichwa ni rahisi kuliko hisa, mwambieni kwamba hisa zimekwisha kuhesabiwa; ziko mezani mbele yake.

Kuhusu ushuru wenyewe, yafaa tuulize swali ambalo makomite mengi hayaulizi: ushuru wa nini? Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 174, inasema mambo mawili yanayokwenda pamoja. Kodi haiwekwi ila kwa sheria. Na kuchangia mahitaji ya nchi ni wajibu wa kila mtu anayeishi humo. Kwa hiyo hatufundishi mtu kukimbia kodi. Lakini anayekuja na daftari mkononi siku ya kuvunja kasha (na ajabu ni kwamba siku hiyo huijua vizuri) aonyeshe ni sheria gani inayomtuma, aandike kiasi na sababu, naye atoe risiti yenye muhuri na jina la ofisi. Asiyeweza hayo matatu anaomba zawadi, na zawadi hutolewa na anayetaka, kutoka mfukoni mwake, si kutoka kasha la wote.

Hata kodi ya haki ina msingi wake. Faranga 96,000 za mama ni akiba yake. Alizileta mwenyewe, na kurudishiwa chako si mapato. Kilichoongezeka ni 19,200 tu. Tuseme mtu anadai 5%. Akiipima juu ya faida ya kikundi, ni faranga 48,000. Akiipima juu ya kasha zima, ni 288,000. Ni neno lilelile, asilimia tano, lakini la pili linakula karibu theluthi ya faida yote. Komite isiyotenganisha akiba na faida katika karatasi yake itadaiwa juu ya kasha zima, na haitakuwa na cha kujibu. Kwa hiyo mwandishi aandike mistari miwili, mmoja wa hisa, mmoja wa faida, tangu mkutano wa kwanza.

Liko jambo jingine linalowaumiza haohao wadogo, nalo limefichwa ndani ya kanuni nzuri tuliyoisifu. Kanuni inahesabu hisa, haihesabu muda. Tumfikirie mwanachama wa tatu, ambaye alizembea mwaka mzima, kisha katika majuma kumi ya mwisho akanunua hisa tano tano. Ana hisa 50, mama wa mihogo ana 48. Kwa kanuni ya kawaida huyu anapata faida ya faranga 20,000, mama 19,200! Na tukumbuke kwamba mikopo husimamishwa kabla ya mwisho wa mwaka ili irudishwe yote. Fedha za huyu bwana ziliingia kasha likiwa karibu kufungwa. Nyingi hazikukopeshwa kwa mtu yeyote. Amekula faida iliyozaliwa na fedha za mwenzake.

Tukihesabu majuma ambayo kila hisa ilikaa kasha, ukweli unaonekana. Hisa ya kwanza ya mama ilikaa majuma 48, ya mwisho juma moja. Jumla yake ni 1,176. Za mchelewaji ni 275 tu. Tuseme kikundi kizima kina jumla ya 58,800: kila juma la hisa linastahili faranga 16 na kidogo, mama anabaki na 19,200 zake, na mchelewaji anapata karibu 4,490.

Hatushauri kila kikundi kihesabu hivyo. Mahali ambapo wanachama wengi hawakusoma, hesabu wasiyoweza kuifuata kwa macho huleta mashaka mabaya kuliko kosa lenyewe. Iko njia nyepesi: mkutano unaofunga mikopo ufunge pia hisa. Fedha zitakazoletwa baada ya hapo zipokewe, ziandikwe ukurasa wa pekee bila muhuri wa hisa, na zirudishwe kama zilivyo. Haizuii kila hila, kwa maana mtu anaweza kuwahi majuma machache kabla ya kufunga, lakini mlango mpana unakuwa umezibwa.

Mambo haya yaandikwe katika kanuni za ndani siku ya kwanza ya mwaka wa kikundi, wakati kasha ni tupu na hakuna ajuaye nani atakuwa na hisa ngapi. Siku ya kuvunja, fedha zihesabiwe na watu wawili kwa sauti, na mihuri ya madaftari yote ijumlishwe upya. Mihuri isipofika 2,400 sawasawa na kitabu cha mwandishi, au fedha zikipungua chini ya 5,760,000, asipewe mtu hata faranga moja. Kwanza atafutwe mwenye mkopo ambao haujarudi. Deni lake likatwe katika hisa zake mwenyewe, kabla ya kugusa hisa za wengine. Halafu gharama zisomwe moja moja na risiti zake, zitolewe kasha, na ndipo mgawanyo uanze.

Na mwandishi akisimama tena kudai elfu kumi kwa kila kichwa, kijana mmoja amwombe, kwa heshima, aisome hesabu hiyo kwa hisa.