Kreatini baada ya kuugua: kopo lije la tatu, si la kwanza

Mgonjwa akirudi nyumbani baada ya wiki kadhaa hospitalini, mapaja yamenywea na chakula hakipiti, ndugu hutafuta cha kumrudishia mwili haraka. Siku hizi wengi hushauriwa kununua kreatini, ule unga mweupe unaotumiwa na wanyanyua vyuma. Je, unafaa? Maoni yangu ni kwamba unaweza kufaa, lakini uje wa tatu, baada ya chakula na mazoezi ya miguu.

Kreatini si dawa ngeni. Mwili wenyewe huitengeneza, na nyingine tunaipata kwenye nyama na samaki. Kazi yake ni kuipa misuli nguvu ya haraka, kama ile ya kuinuka kitini. Kwa hiyo humsaidia mtu aendelee na zoezi kidogo zaidi ya alivyoweza jana, na zoezi hilo ndilo linalojenga msuli. Mgonjwa akinywa unga huku amelala kutwa, asitarajie mengi. Tena kreatini haileti hamu ya kula, wala haiwezi kushika nafasi ya protini.

Chukua mfano wa baba wa miaka 62 aliyelazwa wiki tatu kwa nimonia, uzito ukashuka kutoka kilo 68 hadi 58. Mtu kama huyu, ikiwa figo zake ni nzima, anahitaji takriban gramu 70 za protini kwa siku. Mayai mawili, glasi mbili za maziwa, kipande cha samaki cha gramu 100, kikombe cha maharage yaliyopikwa na vijiko viwili vikubwa vya karanga za kusaga vinamfikisha hapo. Kwa kuwa hamu ni ndogo, usimjazie sahani. Mpe kidogo kidogo mara tano au sita, na karanga na maziwa vitiwe kwenye uji. Kama hamu hairudi kabisa, tafuteni sababu: vidonda vya mdomoni, dawa anazotumia, kifua kikuu au sonona.

Kisha mwambie akae kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani, akunje mikono kifuani, asimame na kuketi mara tano huku ukihesabu muda. Zikizidi sekunde 15, au akishindwa, miguu ni dhaifu. Kipimo hicho hicho ndicho zoezi lake: aanze kwa kujishikilia, mara tano kwa raundi tatu, asubuhi na jioni, mtu akiwa karibu. Akihisi kizunguzungu, maumivu ya kifua au pumzi kumwishia, aache na amwone daktari.

Akishayamudu hayo, kreatini ya gramu 3 hadi 5 kwa siku inatosha, takriban kijiko cha chai kilichosawazishwa. Aichanganye na uji au maji na kuinywa pamoja na chakula. Ile desturi ya wanamichezo ya kuanza na gramu 20 kwa siku simshauri mgonjwa, kwani huweza kumletea tumbo la kuharisha na kumkatisha hata hamu ndogo aliyonayo.

Sasa nisikilize vizuri kuhusu figo. Kreatini ikivunjika huwa kreatinini, kitu kilekile kinachopimwa kwenye damu kuangalia figo. Anayetumia unga huu anaweza kuonyesha kreatinini ya juu ilhali figo hazijaumia. Upande wa pili ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Aliyepoteza misuli hutengeneza kreatinini kidogo, hivyo jibu lake laweza kuonekana zuri wakati figo zimechoka. Pimeni kabla ya kuanza, mwambieni daktari kuhusu unga huo, na muulizeni kama anahitaji kipimo cha sistatini C, ambacho hakitegemei sana misuli. Mwenye ugonjwa wa figo asianze bila ruhusa ya daktari wake.

Tena usishangilie mizani mapema. Kilo inayoongezeka wiki za mwanzo mara nyingi ni maji yaliyoingia kwenye misuli. Bonyeza mbele ya muundi kwa kidole: shimo likibaki, au pumzi ikibana akilala, hayo ni maji yaliyokaa pabaya, na anapaswa kwenda hospitali.

Mpime baba huyo kwa kiti kila wiki. Kama baada ya wiki nane hadi kumi na mbili za kula na kufanya zoezi sekunde hazijapungua, acheni kununua kopo jingine. Fedha hiyo inunue mayai na samaki, na mgonjwa arudi kliniki achunguzwe upya.