Windows 10 yafika mwisho: Kwa asiyeona mjini Goma, hoja ni kama kompyuta itaendelea kuongea

Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya bure ya marekebisho ya usalama kwa Windows 10. Kwa watumiaji wengi, tangazo hilo lilimaanisha kubonyeza kitufe na kuhamia Windows 11, au kulipuuza na kuendelea na kazi. Kwa mtu asiyeona anayetegemea sauti ya kompyuta, uamuzi ni mzito zaidi. Kompyuta ya mwenye kuona ikiharibika katikati ya uhamisho, bado atasoma kilichoandikwa kwenye skrini. Ya asiyeona hunyamaza, na ukimya huo haumwambii kama kazi inaendelea au mashine imekwama.

Mjini Goma uzito huo umeongezeka. Tangu waasi wa M23 walipoutwaa mji mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifungwa na uwanja wa ndege ukasimama. Kulipia programu ya ng'ambo kwa kadi kumekuwa shida hata kwa mwenye pesa. Faili la Windows 11 linazidi gigabaiti 5, na hapa intaneti hununuliwa kwa kipimo. Ushauri wa "hamia toleo jipya" unaotolewa Ulaya haukuandikwa kwa mazingira kama haya.

Ni vyema kwanza kuelewa kinachoifanya kompyuta iongee. Chini kabisa kuna Windows yenyewe. Juu yake kuna kisoma skrini, yaani programu inayochukua maandishi ya skrini na kuyageuza kuwa sauti. Katika nchi za kipato kidogo inayofaa zaidi ni NVDA, kwa sababu ni ya bure. Ilianzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, yeye mwenyewe asiyeona, akashirikiana na James Teh, na leo inasimamiwa na shirika la NV Access. Ndani ya NVDA kuna sauti, na kando yake kuna nyongeza, yaani programu ndogo ambazo watumiaji huziweka ili kurahisisha kazi fulani. Kiungo kimoja kikiacha kuelewana na kingine, mnyororo mzima unanyamaza.

Tatizo la sasa ni kwamba viungo viwili vinabadilika kwa wakati mmoja. Windows 10 inaondoka, na NVDA nayo inavuka daraja lake. Kwa miaka yote ilikuwa programu ya biti 32. NV Access ilitangaza kuwa kuanzia toleo la 2026.1 itakuwa ya biti 64. Kwa mtumiaji hili lina matokeo mawili. La kwanza, nyongeza zilizotengenezwa kwa matoleo ya nyuma zinahitaji kufanyiwa kazi upya na waliozitunga, na baadhi ya watunzi walishaziacha zamani. La pili, sauti za zamani za biti 32 haziwezi kupakiwa moja kwa moja ndani ya programu ya biti 64. Aliyezoea sauti fulani ya Kifaransa kwa miaka kumi, akiisikiliza kwa kasi ambayo mgeni hashiki hata neno moja, anaweza kuamka asubuhi na kuikosa.

Sauti ya Kiswahili haimo katika hatari hiyo. NVDA huja na eSpeak NG, ambayo ina Kiswahili na Kifaransa ndani yake na haihitaji intaneti. Inasikika kama roboti, na wengi huilalamikia, lakini ndiyo sauti itakayobaki pale nyingine zote zitakapokwama. Narrator, kisoma skrini cha Microsoft kilichomo ndani ya Windows, hutegemea sauti za Windows zilizokwisha kuwekwa kwenye kompyuta. Fundi wa mtaani akiweka Windows mpya ya Kiingereza, Narrator itasoma barua ya Kifaransa kwa matamshi ya Kiingereza mpaka sauti ya Kifaransa ipakuliwe.

Tuangalie sasa kompyuta mbili zinazofahamika sana katika biashara ya mitumba: HP EliteBook 840 G3 na HP EliteBook 840 G5. Majina yanatofautiana kwa tarakimu moja tu, na muuzaji anaweza kukuambia ni kitu kimoja. Asiyeona ana njia ya kujua bila kumuuliza mtu. Abonyeze kitufe cha Windows pamoja na Pause (pasipo kitufe cha Pause, afungue Paramètres, kisha Système, ashuke hadi ukurasa wa habari za mfumo), NVDA itamsomea maelezo ya mashine. Kwenye Windows ya Kifaransa asikilize mstari wa Processeur. Ikisomeka i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6, yaani kizazi cha sita. Hiyo ni G3, na Windows 11 haiikubali rasmi. Ikiwa i5-8350U, ni kizazi cha nane, nayo inakubalika.

Mstari wa pili wa kusikiliza ni Type du système. Ukisema 64 bits, vyema. Ukisema 32 bits, hakuna njia ya kupanda kutoka hapo hadi Windows 11 huku programu zako zikibaki. Lazima kila kitu kifutwe na kuwekwa upya, ikiwemo NVDA yenyewe, na saa hizo zote kompyuta haitaongea kwa sauti uliyoizoea. Kuna pia kifaa cha usalama kinachoitwa TPM, ambacho lazima kiwe cha toleo la 2.0. Bonyeza Windows pamoja na R, kisha andika:

```
tpm.msc
```

Dirisha litakalofunguka husomeka kwa NVDA, na namba ya toleo imo ndani yake.

Mwenye G3 afanye nini? Nionavyo, asikimbilie kuhama. Microsoft iliweka mpango wa kuongeza muda wa marekebisho ya usalama kwa Windows 10 hadi Oktoba 13, 2026. Njia moja ya kujiunga ni kulipa dola 30, jambo gumu kwa aliyeko Goma bila kadi ya benki. Njia nyingine haina malipo: kuingia kwa akaunti ya Microsoft na kuruhusu mipangilio ya kompyuta ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo. Sharti ni kompyuta iwe kwenye toleo la 22H2, ambalo hujulikana kwa kuandika winver katika dirisha lile lile la Windows na R. Hili haliondoi tatizo, linalisogeza mbele. Lakini muda huo unatosha kutafuta mashine nyingine bila kuharibu iliyopo.

Njia ambayo ningemwonya mtu nayo ni ya fundi anayesema "nitakuwekea Windows 11 hata kama kompyuta haikubali". Inawezekana kweli kukwepa masharti, na kwa mwenye kuona huenda isiwe na madhara ya haraka. Tatizo ni kwamba nakala zinazotumika mara nyingine zimepunguzwa ili ziwe nyepesi, na programu za kupunguza Windows hutoa chaguo la kuondoa Narrator. Fundi hakudhamiria ubaya; haoni tu sababu ya kuacha kitu asichokitumia. Kabla ya kulipa, mteja abonyeze Windows, Control na Enter kwa pamoja. Kama Narrator haikuongea, asiondoke dukani.

Mwenye G5 anaweza kupanda, ila asibadilishe Windows na NVDA siku moja. Abaki na NVDA ya mwaka 2025 ambayo anajua inafanya kazi, apande Windows kwanza, na baada ya kuzoea ndipo aiguse NVDA. Akibadilisha vyote pamoja na sauti ikapotea, hatajua ni ipi iliyoharibu, wala fundi wake hatajua.

Kabla ya siku hiyo aweke nakala ya NVDA kwenye flashi. Hubonyezwa Insert na N, kisha Outils, halafu chaguo la kuunda nakala inayobebeka, na hapo huulizwa kama inakiliwe pamoja na mipangilio yake. Nakala hiyo huendeshwa kwenye kompyuta yoyote ya Windows inayoikubali, ingawa ina mpaka: haisomi ukurasa wa kuingiza neno la siri. Kwa ukurasa huo lazima NVDA iliyowekwa ndani ya kompyuta iruhusiwe mapema, katika mipangilio yake, kuanza wakati wa kuingia. Wengi husahau hapa, halafu hudhani kompyuta imekufa kumbe inasubiri neno la siri.

Wakati wa kupanda, kompyuta hujizima na kuwaka mara kadhaa, na NVDA haisikiki. Umeme ukikatika hapo na betri ikawa imechoka, mashine inaweza kuishia kwenye skrini ya ukarabati ambako NVDA haifiki. Kwa laptopu ya mtumba, basi, betri ipimwe kabla: ichomolewe kwenye umeme na itumike saa mbili. Isipofika, kazi ifanyike mahali penye umeme wa uhakika, na mtu anayeona awe karibu. Kama hayupo, simu ya Android yenye TalkBack na programu ya Be My Eyes humuunganisha na mtu wa kujitolea anayeangalia skrini kupitia kamera, ila simu hiyo ya video hula intaneti.

Kuna ukimya mwingine unaotisha bure. Windows mpya inaweza kuwaka vizuri lakini isitambue kadi ya sauti. Hapo NVDA inaongea, ila hakuna inayemfikia. Vipokea sauti vya masikioni vinavyochomekwa kwenye tundu la USB kwa kawaida hutambulika bila programu ya ziada, kwa hiyo ni vizuri kuwa navyo mkononi kabla ya kumwita fundi.

Kwa mwenye uoni hafifu mambo ni mepesi kidogo, ingawa si bila usumbufu. Kitufe cha kuanzia kimehamia katikati, na aliyezoea kupeleka mshale kwenye kona ya kushoto atakikosa. Kinaweza kurudishwa kushoto katika mipangilio. Ila ule upau wa chini, kwa aliyekuwa ameuweka juu ya skrini, Windows 11 ilipotoka iliondoa uwezo huo.

Kongo ina sheria ya haki za watu wenye ulemavu, namba 22/003 ya Mei 3, 2022. Lakini anayepanda leo usiku mjini Goma hana ofisi ya kupigia simu kompyuta ikinyamaza. Alicho nacho ni siku 10. Baada ya kupanda, Windows 11 huhifadhi ile ya zamani kwa muda huo, na katika sehemu ya Récupération kuna chaguo la kurudi nyuma. Siku hizo zitumike kujaribu kazi zake halisi moja baada ya nyingine: barua pepe, hati za kazini, kivinjari, printa kama anayo. Na asikubali programu yoyote ya "kusafisha" diski kabla hazijaisha, kwa sababu inaweza kufuta faili zile zile za kumrudisha.